Rimoti ninayo, tripodi ninayo, mbona picha za 600mm bado zinatikisika kwenye 1/15?

#1 Mtazama Hilali
Habari wakuu. Naomba msaada, maana jambo hili limeninyima raha kwa wiki nzima.

Nina kamera ya kioo ya pikseli milioni 24, sensa ndogo, na lenzi ya 150-600. Juzi mwezi mchanga ulikuwa umeandama vizuri, anga safi, hakuna upepo. Nikafunga lenzi kwenye tripodi, fokasi nikaiweka kwa mkono, nikatumia rimoti ili nisiguse chochote. Mipangilio ilikuwa 600mm, f/8, ISO 100, 1/15. Nilipiga picha thelathini na hakuna hata moja iliyotoka sawa. Nikikuza picha, ukingo wa mwezi unaonekana mara mbili, mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliyechora mstari kisha akaurudia kidogo chini yake. Nimehesabu, ni pikseli sita hivi kati ya mstari na mstari.

Kinachonichanganya ni kwamba nilipopandisha ISO mpaka 1600 nikapiga kwa 1/250, picha ikatoka safi, japo ina chembechembe. Kwa hiyo fokasi ipo sawa. Sasa kama sikugusa kamera, ni nani aliyeitikisa? Je, tripodi yangu ni nyepesi mno?

#2 Bomba la Picha
Mkuu, usiumize kichwa. Weka taima ya sekunde 2, tatizo kwisha. Mimi rimoti niliitupa zamani.

#3 Kijana wa Kumbini
Pole sana kaka. 1/15 ni ndogo mno, mikono ya binadamu haiwezi. Kanuni ni moja chini ya urefu wa lenzi, yaani kwa 600mm usishuke chini ya 1/600. Mimi kwenye sherehe nikishika lenzi ya 200 sishuki chini ya 1/250 na wateja hawajawahi kulalamika.

#4 Mtazama Hilali
@Kijana wa Kumbini asante, lakini soma tena bandiko langu. Kamera ilikuwa kwenye tripodi, mimi nilikuwa nimesimama pembeni na rimoti mkononi.

#5 Nyota Saba
Jibu lipo juu ya kichwa chako: dunia inazunguka! Kwa lenzi ndefu mwezi hautulii hata nusu sekunde, unauona kabisa ukitoka kwenye fremu. Kinachotembea ni mwezi, tripodi haina kosa. Tafuta kichwa cha kufuatilia nyota.

#6 Fundi Shata
Nimetengeneza kamera miaka mingi, niruhusuni nikae kidogo kwenye uzi huu.

Nyota Saba, dunia inazunguka kweli, lakini tupige hesabu kabla ya kuihukumu. Kwa kamera ya mleta mada pikseli moja ina upana wa mikroni 4 hivi. Ukigawa mikroni 4 kwa milimita 600 unapata sehemu moja kati ya 150,000, ambayo ni kama sekunde 1.4 za tao. Anga linasogea sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa. Katika 1/15 mwezi umesogea sekunde moja tu ya tao, haujamaliza hata pikseli moja. Yeye anaona sita. Akipiga kwa sekunde 4 ili apate ile nuru hafifu ya upande wenye giza, hapo mwezi utakuwa umetembea pikseli arobaini na zaidi, na hoja yako itakuwa na nguvu zote.

Mleta mada, aliyetikisa kamera yako ni kamera yenyewe. Ukibonyeza rimoti, kioo kinaruka juu, kinagonga sehemu yake ya kupumzikia, ndipo shata inafunguka. Wewe uko mbali, lakini lile pigo limetokea ndani, na lenzi iliyo mbele ni ndefu kama mtaimbo. Chukua ile sehemu moja kati ya 150,000. Kama ncha ya lenzi iko sentimita 30 kutoka mahali inapoegemea, inatosha isogee mikroni 2 tu ili picha ihame pikseli moja. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo pikseli zako sita ni ncha ya lenzi kupanda na kushuka mikroni 12, na hilo huwezi kuliona kwa jicho hata ukiikodolea lenzi macho.

#7 Mtazama Hilali
Mikroni 12! Nimesoma mara mbili. Lakini mbona ukingo ni mistari miwili na si ukungu mmoja mpana?

#8 Fundi Shata
Mtazame mtoto kwenye bembea. Katikati anapita kasi, na kule mwisho, mbele na nyuma, anasimama kidogo kabla ya kurudi. Lenzi nayo inabembea hivyohivyo, labda mara kumi hadi ishirini kwa sekunde kwa mzigo kama wako. Sensa inapokea mwanga mwingi pale inapokawia, yaani kwenye zile ncha mbili, na kidogo pale inapopita mbio. Ndiyo maana unaona kingo mbili. Fokasi ikikosewa, nukta ya mwanga inavimba kuwa duara. Mtikisiko unaivuta nukta hiyohiyo kuwa mstari, na mstari una mwelekeo. Wako umekwenda juu na chini, njia ileile ya kioo.

#9 Nyota Saba
Hesabu nimeikubali. Ila nisahihishe na mimi jambo moja. Kwa mtu aliye karibu na ikweta, mwezi unaozama unashuka karibu wima. Kwa hiyo "juu na chini" peke yake haithibitishi kioo. Apige kitu kisichotembea ndipo tujue.

#10 Fundi Shata
@Nyota Saba hapo umenena kweli, nakubali. Mleta mada, achana na mwezi kwa siku chache. Bandika karatasi yenye maandishi madogo ukutani, kaa hatua hamsini, piga jioni wakati ardhi imepoa ili joto lisikuchezee. Piga kasi mbalimbali, kila kasi mara tano kwa rimoti kavu, halafu mara tano ukiwa umeinua kioo kwanza.

Na kuhusu taima ya #2: inaondoa kidole tu. Kamera nyingi za kioo zinahesabu zile sekunde mbili huku kioo kikiwa chini, kisha kioo na shata vinakwenda pamoja mwishoni, kwa hiyo pigo liko palepale.

#11 Bomba la Picha
Hapana mkuu, kwenye Canon yangu nikiweka taima nasikia kioo kinapanda mara moja, halafu kimya, halafu shata. Sisemi vitu vya kuokota.

#12 Fundi Shata
Basi uliwahi kuwasha kufunga kioo kwenye menyu ukasahau. Canon ukiwasha Mirror lockup pamoja na taima ya sekunde 2, kioo kinapanda kwanza. Ukiizima, kinangoja. Nenda kaangalie.

#13 Bomba la Picha
Nimeangalia. Ipo ON. Fundi heshima yako.

#14 Mzee wa Filamu
Umenikumbusha Nikon FM2. Ukivuta kile kijiti cha taima na kubonyeza, kioo kilikuwa kinapanda hapohapo, kisha inahesabu. Wengi tulikitumia kwa kazi hiyo tu, hata kama tumesimama nyuma ya kamera. Ajabu ni kwamba vijana wamepewa menyu ndefu na jambo hili limefichwa humo ndani.

#15 Mama Korongo
Mimi napiga ndege wa majini mwaka wa nane sasa, na nitasema kitu ambacho wengi hawatakipenda: rimoti ndiyo inayokuharibia.

Kamera ikiachwa peke yake juu ya tripodi, ikijigonga hakuna wa kuituliza, inalia kama kengele. Mimi naweka kiganja cha kushoto juu ya lenzi, pale juu ya mguu wake, mkono umelegea kwa uzito wake tu bila kukandamiza. Shavu nalibana nyuma ya kamera, kidole kinaviringika juu ya kitufe taratibu. Mwili wangu unakuwa kama kitambaa juu ya ngoma. Korongo aliyetulia nampata kwa 1/60 bila kuinua kioo, tena ukiinua kioo unamwonaje? Ndege akigeuza shingo wewe umepofuka.

#16 Bila Kioo
Tuje kwetu tulioachana na vioo. Nilihamia kamera isiyo na kioo nikiamini nimemaliza habari hii. Wiki ya kwanza nikapiga mnara wa mawasiliano kwa 400mm, 1/100, tripodi nzito. Zile nyaya nyembamba zikatoka mbilimbili! Nilirudisha kamera dukani nikidhani mbovu, nikabadilishiwa, na ya pili ikafanya vilevile.

Ilikuwa pazia la shata. Kamera hizi shata iko wazi muda wote ili uone picha, kwa hiyo ukibonyeza inafunga, inafungua, inafunga tena, na lile pazia la kwanza linagonga mwanzoni mwa picha. Nilipobadilisha lianze kwa umeme badala ya chuma, nyaya zikawa moja moja. Mleta mada, hata ukiinua kioo, hili litabaki.

#17 Kijana wa Kumbini
Kumbe! Nimekaa hapa nasoma kama mtihani ni kesho. Samahani kwa #3, nilisoma kichwa cha uzi nikakimbilia kujibu.

#18 Mwanzi Mrefu
Mnasahau kitulizi cha mtikisiko kwenye lenzi! Ukiwa kwenye tripodi kizime. Lenzi za zamani kinatafuta mtikisiko usiokuwepo, kinaanza kuivuta picha polepole chenyewe. Niliwahi kukiona kwenye skrini, mlingoti unateleza kushoto kama meli, na kamera haijaguswa.

#19 Mtazama Hilali
@Mwanzi Mrefu kilikuwa kimewashwa! Sikufikiria kabisa.

#20 Mama Korongo
Tripodi kwenye sakafu ngumu kizime, sawa. Mimi kwenye tope na mbao za gati nakiacha, na picha ni bora kuliko kikizimwa. Lenzi za karibuni nyingi zinajua zimefungwa kwenye tripodi. Ajaribu mwenyewe, asichukue amri.

#21 Jiwe la Mto
Nami niongeze kisa changu. Nilikuwa na rimoti ya waya, ndefu, inaning'inia. Upepo mdogo tu, waya ukawa unagonga mguu wa tripodi, tik, tik. Nikalaumu lenzi miezi miwili. Siku moja nikaweka sikio kwenye mguu wa tripodi ndipo nikausikia. Tangu siku hiyo waya naubana kwa ukanda. Na lile begi mnaloambiwa mtundike katikati ya tripodi, likiachwa huru linakuwa pendulamu. Libaki limegusa chini.

#22 Mtazama Hilali
Wakuu, nimefanya jaribio. Karatasi ukutani, hatua hamsini, jua limeshazama, f/8, kitulizi kimezimwa. ISO nilikuwa naishusha kadiri shata inavyopungua ili mwanga ubaki uleule. Ile ya sekunde 4 nilingoja giza, nikamulika karatasi kwa taa hafifu.

Kwa 1/250 sioni tofauti, herufi zote zinasomeka, kioo kiinuliwe kisiinuliwe. Kwa 1/60 rimoti kavu inatoa herufi zilizonenepa kidogo kwa juu na chini. Kwa 1/15 ni yaleyale ya mwezi, kila mstari wa maandishi una kivuli chake. Kwa 1/4 kivuli kipo ila kimefifia, kama moshi. Kwa sekunde 4 herufi ni safi kabisa, na hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote.

Kioo kikiinuliwa kwanza, 1/15 inakuwa safi. Lakini si mara zote! Kati ya tano, mbili zilikuwa na kivuli. Na kwa 1/60 ule unene haukuisha wote.

Karatasi na kamera vinazunguka na dunia pamoja, kwa hiyo Nyota Saba, mwezi nimeufutia kesi.

#23 Nyota Saba
Nimepokea hukumu kwa moyo mmoja. Ila ule mwanga hafifu wa upande wa giza ukiutaka, utanitafuta.

#24 Fundi Shata
Kazi nzuri sana hii. Sekunde 4 isikushangaze. Sehemu kubwa ya mtikisiko wa kioo imekufa labda ndani ya robo sekunde au nusu, na kwa muda mwingi uliobaki lenzi imetulia na sensa inaendelea kupokea mwanga. Ile robo ni sehemu ndogo mno, haionekani. Kwa 1/250 picha imekwisha kabla lenzi haijasogea vya kutosha. Hatari ni pale katikati ambapo picha nzima imo ndani ya mtikisiko, na kwako kiini chake ni 1/15. Tripodi nyingine, lenzi nyingine, kiini kitahama.

Sasa zile mbili zilizoharibika. Ulisubiri muda gani kati ya kioo kupanda na kubonyeza tena?

#25 Mtazama Hilali
Sekunde moja hivi. Nyingine labda chini ya hapo. Kamera ni Nikon, nilikuwa kwenye Mup, bonyezo la kwanza kioo, la pili picha.

#26 Fundi Shata
Hebu washa Live View, kuza mara nyingi iwezekanavyo kwenye herufi moja, kisha gonga mwisho wa lenzi kwa ukucha, polepole. Hesabu mpaka herufi itulie. Fanya hivyo nguzo ya katikati ikiwa juu, halafu ikiwa imeshushwa.

#27 Mtazama Hilali
Sikuamini macho yangu. Nguzo ikiwa juu, ambavyo ndivyo nilivyokuwa nikipiga siku zote ili nisiiname, herufi inacheza hadi sekunde tatu. Nikiishusha yote, haifiki sekunde moja. Tripodi ni ileile!

Nimerudia 1/15 nguzo ikiwa chini, nikisubiri sekunde tatu baada ya kioo. Kumi kwa kumi, zote safi.

#28 Mzee wa Filamu
Ile nguzo ni mguu mmoja juu ya miguu mitatu. Nimeisema hii tangu enzi za filamu.

#29 Bomba la Picha
Hapa ndipo uzi ulipotakiwa kufika. Lakini swali la tripodi nyepesi bado halijajibiwa. Anunue nzito au asinunue?

#30 Mwanzi Mrefu
Anunue. Uzito ndio kila kitu.

#31 Fundi Shata
Sikubaliani. Nimeona tripodi nzito ikiwa na kichwa kilicholegea, na mtikisiko wote unatoka hapo. Ule mguu mdogo wa lenzi nao, unaokaa kwenye kichwa, mara nyingi ni mrefu na mwembamba, unapinda kama ulimi. Ashike ncha ya lenzi aisukume kidogo, aangalie ni kiungo gani kinachosogea. Abadilishe hicho.

#32 Bila Kioo
Na ule unene wa 1/60 uliobaki hata kioo kikiinuliwa? Mimi nasema ni pazia la kwanza, kama kisa changu.

#33 Fundi Shata
Inawezekana. Inawezekana pia ni mguu wa lenzi unaopinda haraka kuliko tripodi. Kama kamera yake inaweza kuanza kwa pazia la umeme kwenye Mup, ajaribu. Unene ukiisha ni pazia, ukibaki tutazame mguu wa lenzi.

#34 Mtazama Hilali
Nimepekua menyu, yangu haina. Ni kamera ya zamani kidogo. Ila nimepata jambo jipya: nikizungusha lenzi ndani ya pete yake ili kamera isimame wima, ule mtikisiko wa 1/15 rimoti kavu unakuwa wa kushoto na kulia, na ni mkubwa zaidi. Pikseli tisa.

#35 Jiwe la Mto
Hiyo nimeiona pia. Kioo sasa kinapiga kwa ubavu, na tripodi inazuia kushuka vizuri kuliko inavyozuia kujipinda.

#36 Mama Korongo
Mmenichokoza, nami nimeenda kujaribu kwa karatasi kama yenu, lenzi yangu ya 500. Mkono juu ya lenzi dhidi ya rimoti na kioo kilichoinuliwa, kumi kumi.

Kwa 1/60 mkono wangu ulipata nane safi, rimoti na kioo saba. Kwa 1/30 nilipata sita, rimoti na kioo tisa. Kwa 1/8 mimi nilipata moja, na hiyo moja ni bahati. Rimoti kavu bila kuinua kioo ilishindwa na mkono kwenye 1/60 na 1/30 zote, hilo sirudi nyuma.

#37 Fundi Shata
Dada, hilo la rimoti kavu nalikubali bila masharti. Kwenye 1/60 nane kwa saba sioni mshindi, rudia kwa picha hamsini.

#38 Mama Korongo
Hamsini nitapiga, ila kwa korongo, si kwa karatasi. Karatasi hainipi hamu ya kuamka alfajiri.

#39 Kijana wa Kumbini
Swali la mwisho, na safari hii nimesoma uzi wote: kama 1/250 ilitoka safi tangu mwanzo, kwa nini asipige hiyo na ISO 1600 akasafisha chembechembe baadaye?

#40 Mtazama Hilali
Kwa mwezi mnene ningefanya hivyo. Kwa hilali, ile sehemu ya ncha za pembe inafifia taratibu mpaka inamezwa na giza, na kwenye ISO 1600 chembechembe zinaimeza kabla. Kwenye ISO 100 ya karatasi chembechembe sikuziona. Nataka pembe zile zionekane mpaka mwisho.

Nguzo chini, kioo juu, sekunde tatu, 1/15. Mwezi ujao ukiandama nitaleta picha humuhumu.

#41 Nyota Saba
Uwahi. Hilali ikiwa chini karibu na upeo, hewa nzito inaitikisa yenyewe, na hapo kioo hakina kosa. Ukiona kila picha imepinda kivyake, ujue ni hewa.